Siku ya tatu mpe rimoti ya luku

Shangazi yangu yuko kwenye kikoba cha akina mama kama thelathini hivi, Mbagala huku, na kila Desemba wakivunja kikoba wanafanya kasherehe, turubai, viti vya plastiki, pilau, na dije mmoja anayepiga taarabu na singeli kwa kupokezana. Mwaka jana akanipigia simu akasema mwanangu wewe si unaandikaga vile vichekesho vya kwenye simu, tuandikie igizo la dakika sita saba, liwe na methali ndani yake, maana mwenyekiti wetu anapenda mafunzo. Nikasema sawa shangazi, bila kuuliza lini, kumbe ilikuwa Jumamosi ijayo yake, yaani siku tisa.

Nikachagua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilichagua haraka kwa sababu ndo methali ambayo kila mtu pale ana kesi yake nayo. Ukisema haba na haba kwenye kikoba watu watapiga makofi ya adabu basi, ila ukitaja mgeni aliyekuja kwa siku mbili, utaona mtu anamgusa jirani yake na kiwiko.

Rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya na nataka niielezee ubaya wake, maana naona wengi tunaangukia humo humo. Nilifanya hivi: nikachukua methali, nikatoa jembe, nikaweka laptop. Mgeni anakuja mjini, siku ya tatu mwenyeji anampa laptop anamwambia tafuta kazi mtandaoni. Nikaona nimemaliza, nimeifanya ya kisasa. Tukaifanyia mazoezi pale uani kwa shangazi, watu wanne, na hakuna aliyecheka, hata binamu yangu anayecheka akiona mbuzi. Kulikuwa na kale kacheko ka pua tu, ka kunionea huruma.

Nikakaa nikajiuliza tatizo nini. Tatizo nilibadilisha kifaa tu sikugusa kinachofanya kazi ndani ya ile methali. Fikiria jembe kwenye nyumba ya zamani lilikuwa nini. Ni kitu cha nyumba, kiko pale mlangoni kila mtu anakiona. Kila mtu anajua uzito wake, kwamba chakula ulichokula jana kimetoka kwenye hicho kitu. Na kikubwa zaidi, ukimpa mtu jembe hujamwambia chochote kibaya, hujasema ondoka, hujasema umetuchosha, umenyoosha mkono tu ukampa mpini. Maneno yote kayasema yule mwenye kupewa, kichwani mwake. Sasa laptop haiko hivyo, mgeni anaweza akakaa na laptop ya watu wiki nzima anaangalia muvi, tena umemfurahisha.

Kuna kitu kingine watu wanasahau kuhusu hii methali. Pwani kuna ule wimbo mrefu wa mgeni unaohesabu siku mpaka ya kumi, bibi alikuwa anatuimbia. Unaanza mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza, panza ni samaki, yaani mapokezi ya heshima. Ya pili maziwa na samli. Ya tatu nyumbani hamna kitu, mna zibaba zitatu, unaona kabisa kipimo kinashuka. Jembe kwenye wimbo linakuja siku ya nne siyo ya tatu, akirudi shamba muagane aende kwao. Halafu inaendelea kuharibika, wanaanza kumsengenya, wanakula wamejificha, mpaka siku ya kumi ni kwa mateke na magumi. Ukiisikiliza vizuri ile tayari ni komedi imeshapangwa na wazee, kila siku hali inapanda kidogo, au niseme inashuka, na chakula ndo saa inayokuonyesha siku. Mimi sikuwa na haja ya kubuni mpangilio, ulikuwepo, nilitakiwa kuufuata tu.

Na upande wa pili kuna Mwalimu Nyerere, kwenye andiko lake la Ujamaa la 1962 alitumia hii hii methali kuonyesha kwamba zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na akaongezea kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe ndo alikuwa analiomba jembe kabla hajapewa, kwa sababu alijua angeona aibu. Hapo nikasimama. Kwa hiyo jembe lina tafsiri mbili zinazogombana. Moja inasema jembe maana yake ondoka, ndo ile ya kwenye wimbo. Ya pili inasema jembe maana yake sasa wewe ni wa humu ndani. Mwenyeji anatoa jembe akiwa na tafsiri ya kwanza kichwani, je mgeni akilipokea na ya pili? Hapo sasa ndo igizo lilipo. Kichekesho hakiko kwenye mgeni kupewa jembe, kiko kwenye mgeni kulikubali.

Basi nikaanza kutafuta jembe la Mbagala. Nikapita nyumba nzima ya shangazi kwa macho. Ndoo ya maji, hapana, mgeni yeyote anachota maji bila kinyongo. Ufagio, utaonekana unamdhalilisha mtu mzima. Gesi, mtungi hauingii mkononi na kuununua ni hela nyingi mara moja. Wakati nawaza hivyo kwenye soketi karibu na friji kale kadubwana kakalia pii. Pii. Shangazi bila hata kuangalia akasema kwa sauti ya chini kama anaongea na Mungu, "Luku hiyo."

Nikajua nimelipata. Kwa wasomaji wangu wa nje ya Tanzania, luku ni umeme wa kulipia kabla, mita iko nje au juu ya nguzo, na ndani ya nyumba unakuwa na kakifaa kadogo kenye vitufe vya namba na taa ndogo, sisi tunakaita rimoti ya luku. Unanunua umeme kwenye simu kwa kutumia namba ya mita, inakuja meseji yenye tarakimu ishirini, unazibonyeza kwenye rimoti moja moja, ukikosea moja tu inakataa. Uniti zikikaribia kuisha inakuwa inalia na taa nyekundu inawaka. Na kwenye nyumba zetu ule mlio una siasa zake, kila mtu anausikia na kila mtu anajifanya hajausikia, anayeusikia wa kwanza ndo mnunuaji.

Angalia inavyokaa kwenye nafasi ya jembe. Ni kitu cha nyumba. Kila mtu anajua gharama yake. Unaweza kumkabidhi mtu bila kusema neno. Na zawadi ya juu ni kwamba inaitwa rimoti, kwa hiyo mgeni anaweza kuichanganya na ya tivii, nikaona hapo pana kitu cha kupanda mapema nikivune baadae.

Sheria nyingine niliyojiwekea ni kwamba methali haitajwi ndani ya igizo, hata mara moja. Kwenye rasimu ya laptop mke alikuwa anageuka kwa watu anasema "wahenga walisema...", na nikagundua ukishaisema watu wanajua mwisho, wanabaki wanakusubiri ufike. Ukiinyamazia wao wenyewe wataisema, tena kwa sauti, na mtu akiisema mwenyewe anacheka zaidi kuliko akiambiwa. MC akataka kuitangaza mwanzo nikamkatalia, tukabishana kidogo.

Kingine kilitokea kwenye mazoezi ya pili. Dada aliyeigiza mke alikuwa mkali, anabamiza sahani, anasonya. Wale akina mama wawili waliokuwa wanatuangalia huku wanachambua mchele, wakaanza kusema "aah jamani, mgeni huyo, tena mjomba wake." Ukisikia "aah jamani" ujue watazamaji wameshahamia upande wa mgeni na hutowarudisha tena. Nikamwambia dada badilisha, kadri unavyotaka aondoke ndivyo uzidi kuwa mtamu, sema tafadhali nyingi kuliko kawaida. Akajaribu, mmoja wa wale akaangusha ungo kwa kicheko. Kwetu huwezi kumfukuza mgeni, tena mgeni mwenyewe ni mjomba, kwa hiyo ukali wote lazima upite kwenye adabu, na hapo ndo panachekesha, si kwenye ukali wenyewe.

Vikwazo vya jukwaa pia vilinisaidia, japo nilivilalamikia. Maiki ilikuwa moja na kina mama thelathini wakila pilau hawanyamazi, kwa hiyo nikajua maneno mengi yatapotea, lazima mambo makubwa yaonekane kwa macho. Ndo nikaamua siku zipite kwa hotipoti. Hakuna kalenda, hakuna msimulizi, meza moja na hotipoti moja kubwa, kila ikifunguliwa ni siku mpya na watu wanajua hali ya uchumi imefika wapi. Panza na samli kwa namna ya Mbagala. Na mlio wa luku tuliurekodi kwa simu kwa shangazi, dije akaupiga kwenye spika kubwa, sauti ya kale kadude ikitoka kwenye spika ya harusi watu wanashtuka, wengine walishika mikoba.

Igizo lenyewe hili hapa, kama lilivyokuwa siku ile, baada ya marekebisho.

*

Sebule. Kochi, kiti kimoja kizuri ambacho ni cha baba mwenye nyumba, meza, hotipoti. Baba Zuu na Mama Zuu wamekaa. Hodi. Anaingia ANKO, mjomba wake Mama Zuu, katoka Muheza, mkononi begi, begani nusu kiroba cha machungwa.

MAMA ZUU: Ankooo! Shikamoo anko!

ANKO: Marahaba mwanangu. Mkwe hujambo?

BABA ZUU: Sijambo anko, shikamoo. Karibu sana, karibu, hapa ni kwako.

(Anko anasimama, anaangalia nyumba nzima taratibu, kama mtu anayekagua.)

ANKO: Kwangu eeh?

BABA ZUU: Kwako kabisa!

ANKO: Nimekuja kufuatilia mafao yangu. Siku mbili tu, mkwe. Mbili.

(Mama Zuu anafungua hotipoti. Kuku. Anamwekea Anko paja, kifua, na shingo. Baba Zuu ananyoosha sahani, anapewa mchuzi.)

Hotipoti inafungwa. Inafunguliwa tena. Siku ya pili: ugali na dagaa.

ANKO: (anakula, anachukua rimoti kwenye meza, anaielekeza kwenye tivii, anabonyeza) Mkwe, hii rimoti mbona haibadilishi? Kuna mpira.

BABA ZUU: Anko hiyo siyo ya tivii. Hiyo ya luku.

ANKO: Aaa. (anaiweka chini kwa heshima, kama mtu aliyeshika mtoto wa watu) Na mafao wameniambia nirudi Jumatatu.

MAMA ZUU: Jumatatu hii?

ANKO: Wamesema Jumatatu, hawakusema ipi.

(Pii, kutoka kwenye spika. Baba Zuu anaangalia dari. Mama Zuu anaangalia kucha. Anko anakula. Pii.)

ANKO: Kuna ndege humu ndani?

BABA ZUU: Ndo wa hapa hapa anko.

Hotipoti inafungwa. Mama Zuu na Baba Zuu wananong'ona, wanapeana ishara. Baba Zuu anachomeka kitu ndani ya hotipoti, anafunika. Siku ya tatu.

MAMA ZUU: (kwa sauti ya asali) Anko karibu mezani, tafadhali anko, nawa mikono anko.

(Anko ananawa vizuri, mpaka viwiko. Anafungua hotipoti. Anaangalia ndani muda mrefu. Anaingiza mkono, anatoa rimoti ya luku, anaishika kwa vidole viwili kama samaki.)

ANKO: Mama, hii ni mboga gani?

MAMA ZUU: Ndo iliyobaki anko.

BABA ZUU: Inataka kuungwa kidogo tu.

ANKO: Inaungwa na nini?

BABA ZUU: Tarakimu ishirini.

(Piiiii ndefu. Umeme unakatika. Wote wanaganda. Anko anatoa simu taratibu, anavaa miwani.)

ANKO: Namba ya mita.

(Baba Zuu na Mama Zuu wanasimama wima, mikono kifuani, wanaimba namba ya mita kwa pamoja, tarakimu kumi na moja, kama wimbo wa taifa. Meseji inaingia. Anko anamsomea Mama Zuu, nne nne, anabonyeza. Imekataa.)

ANKO: Umebonyeza saba. Nimesema sita.

MAMA ZUU: Umesema saba anko, tafadhali.

(Wanarudia. Umeme unarudi. Dije anapiga taarabu sekunde mbili. Baba Zuu na Mama Zuu wanakumbatiana. Anko bado anaangalia simu.)

ANKO: Mkwe. Nimetuma elfu hamsini. Mbona hela imekatwa?

BABA ZUU: Aah hiyo kodi ya jengo anko. Ukinunua umeme wa mwanzo wa mwezi inakatwa humo humo.

ANKO: Jengo la nani?

BABA ZUU: Hili. Tulilopo.

ANKO: Kwa hiyo nimelipa kodi ya jengo. La Dar es Salaam.

BABA ZUU: Ndiyo anko.

(Kimya. Anko anavua miwani. Anaangalia dari, kuta, mlango. Anatembea taratibu kwenda kwenye kile kiti kizuri. Anakaa. Anaweka rimoti kwenye mfuko wa shati.)

ANKO: Taa ya chooni kaiacha nani?

Hotipoti inafungwa. Siku ya nne. Anko yuko kwenye kiti, rimoti kaivaa shingoni kwa kamba. Baba Zuu anaingia na shati na pasi, anapiga magoti kidogo.

BABA ZUU: Anko shikamoo. Naomba kupiga pasi.

ANKO: Marahaba. Piga kola tu. Kwingine utavaa koti.

MAMA ZUU: (anachungulia) Anko, friji...

ANKO: Friji linazimwa saa nne usiku. Samaki wakilala na friji ilale.

(Simu ya Anko inaita.)

ANKO: Haloo! Eeeh mdogo wangu! Njoo tu, njoo! Siku mbili? Hata tatu! Usiulize mtu, (anaishika rimoti) mimi niko kwangu hapa.

(Pii.)

*

Sehemu ya kodi ya jengo sikuitunga mimi, lazima niseme ukweli. Rasimu yangu ilikuwa mgeni analipa umeme, anaanza ubabe, basi. Ilikuwa inachekesha lakini ilikuwa na pengo, mtu anatokaje kuwa mgeni mpole hadi kuwa mwenye nyumba kwa kununua umeme tu? Mmoja wa wale wachambua mchele ndo aliuliza, "na kodi ya jengo si itakatwa kwake huyo?" Kumbe kweli, tangu 2021 kodi ya jengo inalipwa kupitia luku, na wapangaji tumelalamika weee, kwamba nyumba ya mwenye nyumba kodi yake naanza kuilipa mimi mpangaji ndo nimkumbushe kwenye pango. Kila mtu pale chini ya turubai anayajua maumivu hayo. Yule mama alitoa swali la kawaida kabisa na likawa ndo mlango ambao igizo zima linapitia, maana sasa Anko ana hoja, kalipa kodi ya jengo, kwa akili yake ana jengo. Komedi inataka mtu awe na hoja. Mtu mpumbavu anachekesha dakika moja, mtu mwenye hoja iliyopinda anaweza kukuendesha mpaka mwisho.

Na ndo maana ile siku ya kwanza niliweka "hapa ni kwako". Sentensi ile tunaisema wote bila kufikiri, ni adabu tu. Anko aliichukua kwa mkataba. Mwanzoni inapita kama salamu, hakuna anayecheka, na inatakiwa ipite, ukiona watu wamecheka hapo ujue muigizaji kaibana sana. Inakuja kulipa pale mwisho akisema niko kwangu. Vivyo hivyo rimoti ya siku ya pili, pale anapoielekeza kwenye tivii watu wanacheka kidogo wanaona ndo kichekesho chenyewe hicho kimeisha. Kumbe nawafundisha ile rimoti inafananaje, ili siku ya tatu ikitoka kwenye hotipoti aliyekaa nyuma kabisa asiulize mwenzake kile ni nini. Ukimpa mtazamaji kifaa kwa mara ya kwanza kwenye nafasi ya kicheko kikubwa, utamkuta anauliza badala ya kucheka.

Siku yenyewe ilienda vizuri kuliko nilivyotegemea, kasoro mbili. Hotipoti ilipofunguliwa siku ya tatu, kabla Anko hajatoa kitu, kuna mama mmoja meza ya pembeni akapaza sauti "jembe hilo!", na turubai zima likalipuka, Anko akabidi asubiri na mkono wake ndani ya hotipoti kama sekunde kumi na tano hivi, muigizaji mwenyewe fundi seremala hajawahi kusimama mbele ya watu, lakini alisubiri, wala hakuharakisha, nilimpenda bure. Kasoro ya kwanza dije aliusahau mlio wa mwisho, ile pii baada ya "niko kwangu", akapiga singeli, watu wakaanza kucheza wakadhani ndo mwisho. Ulikuwa ndo mwisho kweli, ila mimi nilitaka ile pii, maana umeme wa elfu hamsini unakwisha na mgeni wa mgeni bado hajafika hata Chalinze.

Mwenyekiti naye akaja kuniuliza sasa funzo ni lipi, tusikae na wageni au tukae nao. Nikamwambia mwenyekiti sijui, nimeandika hotipoti tu. Hakufurahi sana.

Kasoro ya pili ndo kubwa. Ile rimoti tuliyoigizia ilikuwa ya kweli, ya nyumbani kwa shangazi, tuliichomoa asubuhi kwa sababu ya mwili wake halisi, za kukata kwenye boksi zilikuwa zinaonekana kama sabuni. Kuichomoa hakuzimi umeme, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Saa tano usiku nimeshalala, shangazi ananipigia yuko gizani, uniti zimeisha, umeme kashanunua, meseji yenye tarakimu zake ishirini anayo mkononi, pa kuzibonyeza hana.

"Rimoti yangu iko wapi wewe mtoto?"

Nikakumbuka baada ya igizo Anko aliirudisha mezani, na aliyekuwa anakusanya vyombo akaona ni usafi tu kuitumbukiza kwenye hotipoti. Na hotipoti haikuwa ya shangazi, ilikuwa ya mwanachama mwenzake anayekaa Chamazi. Tukampigia. Simu ikaita mpaka ikakata, tukapiga tena, akapokea mume wake, nyuma nasikia tivii. Shangazi akamsalimia vizuri, akamuulizia watoto, akamuulizia mguu, ndo akasema samahani baba kuna karimoti keusi labda mmekakuta kwenye hotipoti.

"Kumbe ni yenu," yule baba akasema, "mimi toka saa mbili nabadilisha chaneli inagoma."